Kutabiri gharama ya kuunganisha toyo Ruziba: hesabu ya mkunjo wa kujifunza

Mfanyabiashara anayeleta pikipiki za magurudumu matatu za mizigo, zile zinazoitwa toyo kwa upande wa Tanzania, anaweza kuzileta zikiwa kamili au zikiwa vipande ndani ya makasha. Zikiwa vipande zinachukua nafasi ndogo kwenye kontena na kwenye boti ya ziwa, lakini mtu lazima azifunge zifikapo. Swali linaloamua kama biashara hiyo inalipa ni gharama ya ufundi kwa kila toyo moja, na jibu lake halikai mahali pamoja. Timu mpya huanza polepole, kisha kadiri inavyofunga ndivyo inavyoongeza kasi. Aliyepanga bei kwa kutazama toyo ya kwanza atakosa mteja. Aliyepanga bei kwa kutazama kasi ya mwisho atalipa mafundi kutoka mfukoni mwake.

Makala hii inaeleza namna ya kutabiri mteremko huo kwa hesabu, kwa kutumia karakana ya mfano iliyoko Ruziba, kusini mwa jiji la Bujumbura, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayofuata ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge. Makasha yanatoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, yanavuka ziwa hadi bandari ya Bujumbura, kisha yanapelekwa kwa lori hadi karakana. Takwimu za karakana ni za mfano ili hesabu ionekane. Kila mfanyabiashara ataweka za kwake.

Kanuni ilikotoka

Hesabu hii ilichapishwa mwaka 1936 na mhandisi Mmarekani T. P. Wright, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Curtiss-Wright. Alichunguza kazi ya kuunda ndege akaona jambo moja linalojirudia: kila idadi ya ndege zilizokwisha kuundwa ilipoongezeka mara mbili, wastani wa kazi kwa ndege moja ulishuka kwa sehemu ileile, kama asilimia 20. Kutoka ndege 10 hadi 20 unashuka asilimia 20, na kutoka 20 hadi 40 unashuka asilimia 20 nyingine ya kile kilichobaki.

Neno la kushika hapo ni "mara mbili". Gharama haishuki kwa kiasi kilekile kila siku wala kila wiki. Inashuka haraka mwanzoni, kwa sababu kutoka toyo 1 hadi 2 ni toyo moja tu, halafu inashuka taratibu, kwa sababu kutoka 32 hadi 64 ni toyo 32 nzima. Ukichora saa za kazi kwenye karatasi unapata mstari unaoporomoka kisha unalala. Huo ndio mkunjo wa kujifunza.

Timu ambayo wastani wake hubaki asilimia 85 kila idadi inapoongezeka mara mbili husemwa kuwa na mkunjo wa asilimia 85. Namba ndogo maana yake ni kujifunza kwa kasi, na namba kubwa maana yake ni kujifunza polepole. Mkunjo wa asilimia 100 ni wa timu isiyojifunza kitu.

Hesabu ya karakana ya Ruziba

Karakana ya mfano ina mafundi 4. Toyo ya kwanza inawachukua siku nzima ya saa 10, maana yake saa 40 za kazi, yaani watu 4 mara saa 10. Mkunjo wao ni wa asilimia 85. Mkataba ni wa toyo 64 zinazofika kwa shehena tatu: 16, kisha 16, kisha 32.

Wastani wa saa za kazi kwa toyo, ukihesabu toyo zote tangu ya kwanza, unakwenda hivi:

- toyo 1: saa 40
- toyo 2: wastani saa 34, jumla saa 68
- toyo 4: wastani saa 28.9, jumla saa 116
- toyo 8: wastani saa 24.6, jumla saa 197
- toyo 16: wastani saa 20.9, jumla saa 334
- toyo 32: wastani saa 17.7, jumla saa 568
- toyo 64: wastani saa 15.1, jumla saa 966

Kila mstari umepatikana kwa kuzidisha wastani wa mstari uliotangulia kwa 0.85, na jumla ni wastani mara idadi. Kikokotoo cha simu kinatosha. Kwa idadi ambayo haiangukii kwenye mara mbili, kama toyo 22 au 50, programu ya Excel inatoa jibu kwa mstari mmoja. Huu hapa ni wa wastani wa toyo 32. 40 ni saa za toyo ya kwanza na 0.85 ni mkunjo:

```
=40*32^(LOG(0.85)/LOG(2))
```

Sasa gharama ya kila shehena inapatikana kwa kutoa jumla moja kutoka nyingine. Shehena ya kwanza ni saa 334. Shehena ya pili ni 568 kutoa 334, yaani saa 234. Shehena ya tatu ni 966 kutoa 568, yaani saa 398. Tukiweka kiwango cha mfano cha faranga 2,500 za Burundi kwa saa ya fundi mmoja, picha ni hii:

- shehena ya kwanza, toyo 16: faranga 835,000, au kama 52,200 kwa toyo
- shehena ya pili, toyo 16: faranga 585,000, au kama 36,600 kwa toyo
- shehena ya tatu, toyo 32: faranga 995,000, au kama 31,100 kwa toyo

Mkataba mzima ni faranga 2,415,000, sawa na wastani wa 37,700 kwa toyo. Toyo ya kwanza peke yake ilikula faranga 100,000.

Bei ya mkataba na shimo la mwanzo

Tuseme mwenye karakana amekubaliana na mteja bei moja ya kufunga, faranga 40,000 kwa kila toyo. Kwa toyo 64 atapokea 2,560,000. Akitoa ufundi wa 2,415,000 anabaki na 145,000. Kwenye karatasi mkataba una faida, lakini faida hiyo haiji sawasawa.

Shehena ya kwanza inamwingizia 640,000 wakati mafundi wanadai 835,000. Pengo ni faranga 195,000, na lazima alizibe kwa fedha yake. Shehena ya pili inamwachia 55,000 tu, hivyo baada ya toyo 32, nusu ya kazi, bado yuko chini kwa 140,000. Ni shehena ya tatu, yenye ziada ya 285,000, inayomtoa shimoni na kumpa faida yote.

Hapo kuna mambo mawili ambayo msafirishaji na mwenye karakana wanapaswa kuyatazama kabla ya kutia sahihi. La kwanza ni mtaji: fedha ya kuziba pengo la shehena ya kwanza iwepo tayari, mbali na ile ya ushuru na nauli. La pili ni masharti. Mteja akikatisha mkataba baada ya toyo 32, karakana imefanya kazi nzuri na imepoteza 140,000. Ndiyo maana mikataba ya namna hii huwa salama zaidi ikiwa na bei ya ngazi, ya juu kwa shehena ya kwanza na ya chini kwa zinazofuata, au ikiwa na fidia endapo idadi iliyoahidiwa haitafikiwa.

Hatari ya idadi kutofikiwa si ya kufikirika. Mwezi Machi 2022 serikali ya Burundi ilizuia pikipiki, bajaji na baiskeli za biashara kuingia maeneo ya katikati ya jiji la Bujumbura. Amri kama hiyo inaweza kubadili mahitaji ya soko kwa siku moja, na mkunjo unashuka kwa toyo zilizofungwa kweli, hauwezi kushuka kwa toyo zilizoandikwa kwenye mkataba tu.

Kupata mkunjo wa timu yenyewe

Asilimia 85 ni namba ya kuanzia tu. Kazi ya kufunga kwa mikono, yenye boliti, nyaya na marekebisho mengi, hujifunzwa haraka kuliko kazi inayoongozwa na mashine, kwa sababu mashine haijifunzi. Namba ya timu fulani inapatikana kwa kuipima.

Kosea kidogo hapa na bajeti yote inahama. Kwa toyo zilezile 64 na saa zilezile 40 za mwanzo, mkunjo wa asilimia 80 unatoa wastani wa saa 10.5, yaani kama faranga 26,200 kwa toyo. Mkunjo wa asilimia 90 unatoa saa 21.3, yaani kama 53,100. Bei ya 40,000 ni neema kwa timu ya kwanza na ni msiba kwa timu ya pili.

Njia ya kupima ni daftari moja na nidhamu. Kwa kila toyo msimamizi anaandika namba yake, idadi ya mafundi walioigusa, saa walizoanza na kumaliza, na saa zilizopotea kwa sababu zisizo za ufundi, kama kusubiri umeme au kutafuta kasha lililopotea. Baada ya toyo 4 anakokotoa wastani. Baada ya toyo 8 anakokotoa tena. Wastani wa 8 ukigawanywa kwa wastani wa 4 unatoa mkunjo. Kwa karakana yetu ni 24.6 kugawanya kwa 28.9, jibu 0.85.

Haifai kutumia toyo ya kwanza na ya pili peke yake. Toyo ya kwanza ina mambo ya bahati: spana ya kipimo fulani haikuwepo, mchoro wa kiwanda ulikuwa kwa lugha ambayo fundi hasomi, boksi la nati lilichanganywa na la kasha jingine. Wastani wa toyo 4 na 8 unapunguza nguvu ya ajali hizo. Na pale inapowezekana ni bora kupima kabla ya kutia sahihi mkataba mkubwa, kwa kuagiza shehena ndogo ya majaribio ya toyo 8.

Jambo jingine ni fundi alikotoka. Mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura unajulikana kwa magereji yake, na fundi aliyezoea injini huko hataanza kwa saa 40. Pengine ataanza kwa 25. Lakini mkunjo wake nao utakuwa umelala zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kujifunza alikwisha kuifanya kabla hajafika Ruziba. Kosa la kawaida ni kuchukua saa 25 za mafundi wazoefu na kuziteremsha kwa asilimia 85 ya wanafunzi. Hesabu hiyo inaahidi gharama ambayo haitafikiwa kamwe.

Saa zinazofichwa

Mkunjo mzuri mno unapaswa kutiliwa shaka. Fundi anayelipwa kwa toyo ana sababu ya kuharakisha, na toyo inaweza kutoka karakana ikiwa na breki isiyorekebishwa, gurudumu la nyuma lililopinda kidogo au waya wa taa usiobanwa. Inarudi baada ya siku tatu, na saa za kuitengeneza haziandikwi popote. Daftari linaonyesha timu inajifunza kwa asilimia 78, wakati gharama halisi inakwenda kwa asilimia 88.

Dawa yake ni kanuni moja: saa za marudio ziandikwe kwenye namba ya toyo ileile iliyorudi, hata kama imerudi baada ya mwezi. Msimamizi aangalie pia idadi ya zinazorudi katika kila shehena. Wastani wa saa ukishuka huku zinazorudi zikiongezeka, timu haijajifunza, imeruka hatua.

Kuna pia sehemu ya kazi isiyoshuka kabisa. Mafuta ya injini yanamwagwa kwa kasi yake, betri inachajiwa kwa muda wake, na jaribio la barabarani lina urefu wake. Kama saa 5 katika toyo ni za aina hiyo, mkunjo uwekwe kwenye saa 35 zilizobaki tu, kisha saa 5 zijumlishwe mwishoni. Ishara kwamba timu imefika sakafuni ni pale shehena mbili zinazofuatana zinapotoa saa zilezile. Kuanzia hapo kupungua zaidi kutatokana na kubadili zana au mpangilio wa kazi.

Shehena inapochelewa

Hesabu yote ya hapo juu ina sharti moja lililojificha: timu haisimami. Kwa mizigo ya Bujumbura sharti hilo ni gumu. Kontena linaweza kukwama Dar es Salaam, behewa linaweza kuchelewa kufika Kigoma, boti inaweza kungoja nafasi, na uhaba wa mafuta ya gari ulioikumba Burundi miaka ya karibuni unaweza kulisimamisha lori lenyewe. Mafundi hawakai bure kwa miezi. Wengine wanarudi gereji, wengine wanavuka mpaka kutafuta kazi, na waliobaki wanasahau.

Turudi kwenye karakana ya mfano. Baada ya toyo 16 timu ilikuwa inafunga toyo moja kwa karibu saa 16. Shehena ya pili inachelewa miezi miwili. Inapofika, fundi mmoja ni mgeni, na toyo ya kwanza inachukua kama saa 20. Kwenye mkunjo wao, saa 20 ndizo walizotumia karibu na toyo ya 7. Kwa hiyo timu imerudi nyuma: ni kana kwamba imekwisha kufunga toyo 6, si 16. Uzoefu wa toyo 10 umepotea.

Hesabu inasahihishwa kwa kuanza upya kutoka namba hiyo. Shehena ya pili sasa ni toyo ya 7 hadi ya 22 ya mkunjo, saa 269 badala ya 234. Shehena ya tatu ni ya 23 hadi ya 54, saa 421 badala ya 398. Jumla ya mkataba inafika saa 1,024, ambazo kwa faranga 2,500 ni 2,560,000. Mapato ya mkataba ni 2,560,000. Faida yote ya faranga 145,000 imeliwa na kusimama mara moja, ingawa hakuna toyo iliyoharibika na hakuna fundi aliyefanya uzembe.

Hesabu hiyo inampa mfanyabiashara kipimo cha kuamulia. Kuwalipa mafundi wale wanne kitu kidogo wakati wa kusubiri, au kuwapa kazi ya vipuri na matengenezo hapo hapo Ruziba, ni nafuu maadamu jumla yake haifiki 145,000. Inampa pia msingi wa kudai: mkataba wa usafirishaji wenye faini ya kuchelewa hauna budi kuhesabu hasara ya karakana pamoja na hasara ya soko.

Malipo ya mafundi

Mkunjo unaonyesha saa zinapungua, lakini hausemi fedha inayookolewa ni ya nani. Fundi akilipwa kwa siku, faida yote ya kasi inakwenda kwa mwenye karakana, na fundi hana haja ya kuharakisha. Fundi akilipwa kwa toyo kwa kiwango cha shehena ya kwanza, 52,200 kugawana wanne, gharama ya mwenye karakana haishuki hata kidogo, na bei ya 40,000 inamzamisha.

Wenye karakana wengine hushusha kiwango ghafla wanapoona kasi imepanda. Mafundi wanaona wameadhibiwa kwa kujifunza, wanaondoka, na timu mpya inaanza tena kwenye saa 40. Ngazi iliyotangazwa mwanzoni inaepusha hilo: kwa mfano 52,000 kwa toyo katika shehena ya kwanza, 38,000 katika ya pili, 33,000 katika ya tatu. Jumla yake ni 2,496,000, na mwenye karakana anabaki na 64,000. Kwa upande wa fundi, toyo ya shehena ya tatu inamchukua timu yake saa 12.4, hivyo saa moja ya kazi inalipwa kama faranga 2,660 badala ya 2,500. Mapato ya saa yanapanda huku gharama ya toyo ikishuka. Nafasi ya kufanya hivyo ni ndogo, na inapatikana tu ikiwa makasha yanafika kwa wakati na daftari linaandikwa kila siku.